Likasi: Flashi iliyotoka dukani ipimwe kwanza, ndipo faili zifunguliwe

LIKASI – Mwanafunzi anayekaa Buluo, katika mji wa Likasi, jimbo la Haut-Katanga, mara nyingi hana mega za kutosha kupakua vitabu vya masomo, programu au filamu nyumbani. Anachukua flashi yake, anaenda katika duka linalouza nyimbo na filamu au katika sekretaria inayochapa kazi za watu, analipa franka kidogo na kurudi na faili zake. Zoezi hilo ni la kila siku katika miji ya Kongo, na halina ubaya wowote. Hatari inakuja nyumbani, pale flashi inapoingizwa kwenye kompyuta na mtu kubofya mara mbili bila kuipima.

Kompyuta ya duka inapokea flashi za watu wengi kwa siku moja. Moja tu kati yake ikiwa na virusi, mashine ya duka inaambukizwa, na kutoka hapo kila flashi inayofuata inabeba ugonjwa huo nyumbani kwa mwenyewe. Mwenye duka anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa na asijue lolote.

Duka za Likasi si za pekee katika jambo hili. Mwezi wa 7 mwaka 2023, kampuni ya usalama wa kompyuta Mandiant ilieleza kwamba mashambulizi yanayopitia flashi yalikuwa yameongezeka, na ikataja duka za kuchapa karatasi na hoteli kuwa mahali ambapo maambukizo yanaweza kuenea. Baadaye mwaka huo, watafiti wake walisema kundi moja la wadukuzi lenye uhusiano na China lilikuwa limeingia katika mashirika yasiyopungua 29 kwa kutumia flashi, mengi yakiwa na ofisi Afrika. Misri, Zimbabwe, Tanzania, Kenya, Ghana na Madagaska zilitajwa.

Folda inayoonekana kama folda

Virusi iliyotumiwa katika mashambulizi hayo inaitwa Sogu, na ni ya ukoo wa PlugX, ambao umezunguka dunia kwa miaka mingi. Kampuni ya Ufaransa Sekoia ilichukua mwezi wa 9 mwaka 2023 anwani moja ya mtandao ambayo aina ya PlugX inayopita kwa flashi ilikuwa ikiitumia kupokea amri. Katika miezi sita, mashine zilizoambukizwa zilipiga hodi kwenye anwani hiyo kutoka nchi zaidi ya 170. Kwa siku moja zilihesabiwa anwani za mtandao kati ya 90,000 na 100,000. Wenye virusi hiyo walikuwa wameiacha anwani yao, lakini virusi yenyewe iliendelea kutembea kutoka flashi moja hadi nyingine bila kuongozwa na mtu.

Namna inavyofanya kazi inaonyesha kwa nini watu hawaishtukii. Flashi safi inapoingizwa kwenye mashine yenye ugonjwa, virusi inahamisha kila kitu cha mwenye flashi na kukiweka ndani ya folda iliyofichwa. Jina la folda hiyo ni nafasi tupu, kwa hiyo hata ikionekana haina maandishi. Kisha inajificha yenyewe ndani ya folda nyingine inayoitwa `RECYCLER.BIN`, jina linalofanana na la pipa la takataka la Windows. Mbele ya macho ya mtu kunabaki kitu kimoja tu: njia ya mkato, ile ambayo Windows ya Kifaransa inaiita `Raccourci`, yenye jina la flashi yenyewe.

Mtu anafikiri bado hajaingia ndani ya flashi. Anabofya tena. Dirisha linafunguka, faili zake zote ziko pale, filamu inacheza, kazi inasomeka. Kwa macho yake hakuna kilichoharibika. Lakini ile mbofyo ya pili ndiyo iliyoanzisha virusi kwanza, na baadaye tu ikamfungulia folda yake. Kuanzia hapo, kompyuta yake itafanyia flashi nyingine kile ambacho ile ya duka ilifanyia ya kwake.

Virusi nyingine za aina hii zinatengeneza njia ya mkato kwa kila folda: `Masomo`, `Picha`, `TFC`, kila moja na jina lake la kweli. Alama ya kuzitambua ni mshale mdogo kwenye kona ya picha ya folda. Alama ya pili inaonekana mtu akipanga faili kwa orodha ya maelezo: katika safu ya `Type` kunaandikwa `Raccourci`, na ukubwa wake ni Ko moja au mbili. Folda ya kweli inaandikwa `Dossier de fichiers`, na safu ya ukubwa inabaki tupu.

Kwa nini Windows inanyamaza

Wengi wanajiuliza: faili iliyopakuliwa moja kwa moja kutoka mtandao inaletewa onyo na Windows, mbona ile ya dukani inafunguka bila neno?

Jibu liko katika alama ndogo isiyoonekana. Kivinjari kinapopakua faili, kinaiandikia pembeni kwamba imetoka kwenye mtandao. Alama hiyo inaitwa `Zone.Identifier`. Windows inaisoma na kuuliza kama mtu ana uhakika. Word nayo inaisoma na kufungua andiko katika `Mode protégé`, yaani la kusomwa tu. Tangu mwaka 2022, Office inazuia kabisa makro, zile amri ndogo zilizofichwa ndani ya andiko, kama faili ina alama hiyo.

Lakini alama inaweza kukaa tu kwenye diski iliyopangwa kwa mfumo wa `NTFS`. Flashi nyingi zinazouzwa zimepangwa kwa `FAT32` au `exFAT`, na mifumo hiyo haina mahali pa kuiweka. Duka linapopakua andiko na kulinakili kwenye flashi, alama inabaki kwenye mashine ya duka. Faili inafika nyumbani kama mgeni asiye na karatasi za safari: kompyuta haijui imetoka wapi, na haiulizi. Andiko lenye makro ambalo lingezuiwa kabisa sasa linaonyesha tu mstari wa njano wenye kitufe `Activer le contenu`, na mtu mwenye haraka anakibonyeza.

Ndiyo sababu kupima flashi ya duka kuna uzito zaidi kuliko kupima faili mtu aliyoipakua mwenyewe. Ulinzi ambao ungefanya kazi peke yake umepotea njiani.

Kupima kwa kweli, na kupima kwa kujidanganya

Windows 10 na Windows 11 zina antivirusi yake, Microsoft Defender, isiyolipiwa. Wengi wanaifungua, wanabonyeza `Analyse rapide`, wanasubiri kidogo, wanaona hakuna kitu, wanaanza kufungua faili. Hapo kuna kosa. `Analyse rapide` inapita katika sehemu za kompyuta ambako virusi hupenda kukaa. Haipimi kila faili iliyo ndani ya flashi. Hata `Analyse complète`, ile ndefu, kwa mpangilio wa kawaida inaacha flashi pembeni. Mtu amepima nyumba, na mgeni bado amesimama mlangoni na mzigo wake.

Njia iliyo sahihi ni kuipima flashi yenyewe. Ingiza flashi, na dirisha likijitokeza lenyewe, lifunge. Fungua `Ce PC`, ambako flashi inaonekana na herufi yake, kwa mfano `E:`. Usiibofye mara mbili. Weka kipanya juu yake, bonyeza kitufe cha kulia, chagua `Analyser avec Microsoft Defender`. Katika Windows 11 pengine ni lazima kupitia kwanza `Afficher d'autres options`. Aliye na antivirusi nyingine atakuta jina lake mahali pale pale, kwa sababu Defender hupisha nyingine ikiwekwa.

Upimaji ukiisha, soma mistari miwili. Wa kwanza unasema kama kuna tishio. Wa pili unatoa hesabu ya faili zilizopimwa, na wengi hawautazami. Kama flashi inaonyesha kitu kimoja tu, na hesabu inasema faili mia kadhaa, basi kuna vitu vilivyofichwa. Hesabu hiyo haitalingana sawasawa na unachokiona, kwa sababu Defender inafungua pia faili zilizobanwa na kuhesabu vilivyo ndani. Lakini tofauti ya kitu kimoja na mia sita si ya kupuuza.

Antivirusi inatambua kile ambacho imefundishwa tu. Kompyuta iliyokaa miezi mitatu bila mtandao inapima kwa maarifa ya miezi mitatu nyuma. Tarehe ya mwisho inaonekana katika `Protection contre les virus et menaces`, sehemu ya mise à jour. Asiye na mega nyumbani anaweza kupakua mahali penye mtandao faili ya Microsoft inayoitwa `mpam-fe.exe`, yenye uzito wa zaidi ya megabaiti 100, na kuifungua kwenye kompyuta yake. Lakini ichukuliwe kwenye ukurasa wa Microsoft wenyewe, kwa simu yako au mashine unayoiamini. Kuomba dawa kwenye mashine ileile unayoishuku ni kurudi mwanzo.

Mfano: siku tatu kabla ya kutetea kazi

Chukua mfano wa mwanafunzi aliye na siku tatu kabla ya kutetea TFC yake. Kazi yote iko kwenye flashi, na nakala ya nyumbani ni ya majuma mawili nyuma. Anapita dukani kuongeza vitabu viwili na programu ya takwimu.

«Yaya, niwekee vile vitabu vya PDF, na ile programu ya mahesabu.»

«Hakuna shida, dada. Lakini ile programu, ukifika nyumbani, zima kwanza antivirusi, kama sivyo haitaingia.»

Sentensi hiyo ya muuzaji peke yake inatosha kuacha programu hiyo. Programu zilizovunjwa ufunguo mara nyingi zinakuja na maagizo hayo, na mwenye kuyafuata anamfukuza mlinzi kabla ya kufungua mlango. Antivirusi inaweza kweli kukosea na kuita programu safi kuwa tishio, lakini mtu wa kawaida hana njia ya kuthibitisha hilo kwa faili iliyopita katika mikono isiyojulikana.

Nyumbani, anaipima flashi kwa kitufe cha kulia. Defender inapaza sauti: tishio limepatikana. Anachagua `Mettre en quarantaine`. Kisha anafungua flashi, na anakuta haina kitu. TFC haipo. Vitabu havipo.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza kazi zao, na virusi haina kosa katika sehemu hii. Rafiki anamwambia: «Formatisha, itapona.» Flashi inafutwa, na TFC iliyokuwa bado ndani inafutwa pamoja nayo. Antivirusi iliondoa njia ya mkato ya uongo tu. Faili za kweli zilibaki pale pale zilipofichwa, kwa sababu Defender haina kazi ya kuzirudisha mahali pake.

Kuna njia nyepesi ya kujituliza roho kwanza. Aliye na simu ya Android na kiunganishi cha OTG anaweza kuingiza flashi kwenye simu na kutazama tu. Android haiheshimu alama ya kufichwa ya Windows, kwa hiyo folda zilizofichwa zinaonekana wazi, na virusi hii ya Windows haiwezi kuendeshwa kwenye simu.

Kisha, kwenye kompyuta, baada ya kupima na si kabla, anaandika `cmd` katika sehemu ya kutafuta, anafungua dirisha jeusi na kuandika amri hii, akibadilisha `E` kwa herufi ya flashi yake:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Herufi `-h` inaondoa alama ya kufichwa, `-s` inaondoa alama ya faili ya mfumo, `-r` inaondoa alama ya kusomwa tu. `/s` na `/d` zinaamuru jambo hilo lifanyike katika folda zote. Kuonyesha vitu vilivyofichwa kwa kuweka alama katika `Éléments masqués` hakutoshi mara nyingi, kwa sababu virusi inazipa faili alama ya mfumo pia, na Windows inaendelea kuzificha.

Amri ikiisha, flashi inaonyesha folda isiyo na jina. Ndani yake iko TFC. Folda ya `System Volume Information` ikionekana, hiyo ni ya Windows yenyewe na iachwe. Mwanafunzi ananakili kazi yake kwenye kompyuta, anaifungua kuhakikisha ni nzima, anaweka nakala ya pili mahali pengine. Sasa tu, kama anataka, anaweza kuformatisha flashi.

Kabla ya mbofyo ya kwanza

Kupima kukisema hakuna tishio, bado kuna jicho la mwenyewe. Windows kwa kawaida inaficha herufi za mwisho za majina, zile zinazosema faili ni ya aina gani. Faili inayoitwa `Cours.pdf.exe` inaonekana kama `Cours.pdf`, hata na picha ya PDF. Katika `Affichage`, weka alama kwenye `Extensions de noms de fichiers`. Windows 11 inaiweka chini ya `Affichage`, kisha `Afficher`. Kitabu, wimbo au filamu inayomalizika kwa `.exe`, `.scr`, `.vbs`, `.js` au `.bat` si kitabu, si wimbo, si filamu. Ukubwa nao unasema: filamu ya saa mbili yenye megabaiti moja haina filamu ndani.

Faili iliyobanwa na kufungwa kwa neno la siri ni jambo jingine. Antivirusi haiwezi kuona ndani yake, na itasema safi kwa sababu haikuingia. Ya namna hiyo ipimwe mara ya pili baada ya kubanduliwa, kabla ya kubofya kilichomo.

Kompyuta za zamani ziko katika hatari zaidi. Windows XP iliweza kuanzisha programu ya flashi yenyewe kupitia faili `autorun.inf`, na virusi Conficker, iliyotokea mwezi wa 11 mwaka 2008, ilitumia mlango huo miongoni mwa mingine. Microsoft iliufunga kwa flashi katika Windows 7, na mwaka 2011 ikatuma marekebisho kwa XP na Vista. Mwaka 2010, Stuxnet ilionyesha kwamba hata kutazama tu picha ya njia ya mkato kuliweza kutosha kuambukiza mashine isiyorekebishwa. Ndiyo maana upimaji unafanywa kabla ya kufungua flashi, si baada ya kuona kilichomo.

Kama mbofyo imekwisha kutokea

Aliyekwisha kubofya ana jaribio rahisi. Achukue flashi tupu isiyo na thamani, aweke ndani folda moja yenye andiko lolote, aiingize kwenye kompyuta yake, aitoe, airudishe. Kama folda imegeuka njia ya mkato au imepotea, ugonjwa umo ndani ya kompyuta, na kusafisha flashi kila siku hakutasaidia. Defender ina upimaji unaofanywa kabla Windows haijawaka, katika `Options d'analyse`. Kompyuta inazima, inawaka tena, inapima kwa muda wa karibu dakika 15. Kwa kuwa umeme hukatika, betri ijae kwanza. Jaribio likitoa jibu safi halithibitishi kila kitu, maana kuna virusi zisizogusa flashi, ila likitoa jibu baya halina mjadala.

Kwa anayepita dukani kila juma, kuna desturi isiyogharimu sana: flashi mbili. Moja ya duka, isiyobeba kitu ambacho mtu ataumia kukipoteza. Nyingine ya kazi, ambayo haiingii kamwe kwenye mashine ya watu wengi. Na anayeenda kuchapa tu anaweza kutumia kadi ya SD yenye kifungo kidogo pembeni. Kikiteremshwa upande wa `Lock`, mashine nyingi zinasoma kadi bila kuiandikia, kwa hiyo hakuna cha kurudi nacho nyumbani. Ni kompyuta inayotii kifungo hicho, si kadi yenyewe inayozuia, kwa hiyo kadi nayo ipimwe ikirudi.

Mwanafunzi wa mfano wetu aliipata TFC yake kwa sababu alipima kabla ya kubofya, na kwa sababu hakuformatisha. Kama angebofya ile njia ya mkato, angeiona kazi yake vilevile, ila angeipeleka kesho yake, pamoja na virusi, kwenye kompyuta ya msimamizi wa kazi.